Nambari Saba Kwenye Picha ya Papa

Mimi nauza vipuri vya pikipiki hapa Kamalondo, na sina uvumilivu. Nalisema mapema ili mtu asije akanilaumu mbele. Asubuhi nikifungua duka, hata sijafagia, simu imeshajaa picha. Kidole cha fundi kimeziba nusu ya mchoro. Ukurasa umepigwa kutoka upande mpaka maandishi yamelala chali. Mwanga wa flashi umetua palepale penye nambari ninayoitafuta. Chini yake neno moja tu: "Iko?" Iko nini, jamani? Nawajibu: piga tena, simama karibu na dirisha, zima flashi, kandamiza kitabu kilale vizuri, na unipatie kurasa mbili, ya mchoro na ya orodha. Wengine wananiita mama mkali. Sawa, lakini wanarudi.

Mchoro wenyewe naupenda, na hilo nalo niliseme. Ni mota, injini yenyewe, iliyofunguliwa hewani. Kila kipande kimesogea kidogo kutoka kwa mwenzake lakini kimebaki katika zamu yake, kama watu waliosimama mstari wakisubiri komunyo. Ukifuata mstari mwembamba unaopita katikati yao unajua nani anaingia ndani ya nani: mhimili, kisha springi, kisha washa, ile pete bapa, kisha gia. Kila kimoja kina kamstari kanachokwenda hadi kwenye nambari ndogo. Mtu akijua kuusoma, anaweza kuijua mashine ambayo hajawahi kuigusa.

Aliyenifundisha kuusoma ni papa, baba yangu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa magazinie wa reli, mtunza magazeni, yaani stoo, ya vipuri, na baba yake kabla yake alikuwa anapakia makaa kwenye mashine za mvuke. Tulipokuwa watoto, wenzetu walichorewa nyumba na kuku. Sisi papa alituchorea breki ya behewa, halafu anauliza: "Nikitoa hiki, nini inaanguka?" Ukikosea anacheka mpaka machozi, ukipatia anakupa kipande cha mkate wake. Mimi nilikula mkate mwingi. Kaka yangu alikuwa anabahatisha tu.

Papa ana miaka sabini na moja na anakaa peke yake Makomeno tangu mama atutoke. Ananiita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na mtu akitusikia kwa mara ya kwanza anadhani mmoja wetu amechanganyikiwa. Siku sita za juma anakaa, anasoma, anapanga misumari kwenye makopo. Ya saba ndiyo anayoishi. Jumapili baada ya misa ya kwanza anapewa kile kisanduku chenye komunyo, anakivaa shingoni chini ya koti, anapanda pikipiki, anaenda Naviundu kwa wagonjwa watano au sita wasioweza kutoka vitandani. Anawapelekea Ekaristi, anakaa nao, anasikiliza magonjwa yao yote, anarudi saa nane akiwa na njaa na furaha. Pikipiki aliachiwa na padri mzee aliyerudi kwao, pamoja na katalogi ya vipuri iliyofungwa kwenye plastiki. Katalogi ile inakaa ofisini parokiani, na papa anaiheshimu kuliko vitabu vingine vilivyo kwenye kabati lile.

Mwaka jana, majira ya baridi, kiki ya kuwashia pikipiki ilianza kuteleza. Unakanyaga, inashuka bila uzito wowote, inalia krrr, mota haizunguki hata kidogo. Fundi wake alifungua, akamwonyesha: kuna kigurudumu kidogo ndani, kina meno yaliyoinama upande mmoja, springi inakisukuma kiingie kwenye meno ya gia ya kiki. Meno yalikuwa yamelika, yamekuwa mviringo kama ya mzee. Papa akaenda parokiani, akapiga picha ya mchoro kwa simu yake, akaja dukani kwangu.

Hakuja kama baba. Alikuja kama mteja. Alisimama mbele ya meza yangu, upande wa wateja, akavua kofia, akanipa karatasi. Alikuwa ameandika kwa ile hati yake ya kulala, na mstari chini kwa rula: Bon de commande. Pièce numéro 7. Quantité: 1. Yaani oda ya kipuri, piesi kama tunavyosema, nambari saba, kimoja. Na sahihi.

Nilicheka. Nilicheka vibaya, mpaka mteja mwingine akageuka.

"Unacheka nini?"

"Papa, saba ni numero ya ku mchoro. Haiko numero ya piesi."

"Plan inaandika saba."

"Ndiyo, ile page inaandika saba. Page ya carburateur nayo iko na saba yake. Page ya breki iko na saba. Nikituma 'saba' Lusaka kwa wale wanauzisha piesi, watanitumia nini?"

Aliangalia karatasi yake. Halafu akanieleza, polepole, na mimi nikaacha kucheka. Magazeni yao ya reli ilikuwa na michoro iliyochorwa hapahapa, na nambari iliyoandikwa kwenye mchoro ndiyo ilikuwa nambari ya droo. Fundi anakuja dirishani anasema plan ya breki, kumi na nne. Mkono wako unaenda droo ya kumi na nne, kitu kiko pale. Aliishi hivyo mpaka pensheni. Hakuwahi kukosea droo. Sasa mtoto wake mwenyewe anamcheka mbele ya watu kwa sababu ya kuamini mchoro.

"Samahani, papa," nikasema. Na niliona haya kweli.

"Haina neno. Nionyeshe."

Nikamwita aingie nyuma ya meza, nikamkalisha kwenye stuli yangu. Nikamwambia saba ni kama anwani tu. Unaichukua, unaenda kwenye orodha ya ukurasa huohuo, unatafuta mstari wa saba, na pale ndipo unakuta jina la piesi, ngapi zinaingia kwenye mota moja, na nambari yake ya kweli, ile ndefu, yenye mafungu matatu yaliyotenganishwa na vistari. Kwa kiwanda kilichotengeneza pikipiki yake, fungu la kwanza linasema ni kitu cha aina gani, la katikati linasema kilitengenezwa kwa ajili ya pikipiki ipi, la mwisho linasema ni toleo la ngapi. Alikuwa anatikisa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Lakini picha yake haikuwa na orodha. Aliikata. Kwake yeye mchoro ndio kitu, orodha ni kazi ya makarani.

Alirudi siku ya pili na picha tatu, zimepigwa dirishani, hazina kivuli. Kichwa cha ukurasa kinaonekana, mchoro wote unaonekana, orodha yote inaonekana. Nawaambia ukweli, hakuna fundi wa mji huu aliyewahi kunitumia picha kama zile. Tukakuta mstari wa saba: Rochet, kick, yaani kile kigurudumu chetu. Kimoja kwa mota. Lakini saba ilikuwa imeandikwa mara mbili, mstari juu ya mstari, na nambari ndefu mbili tofauti. Pembeni ya ule wa juu waliandika mpaka mota nambari fulani. Pembeni ya ule wa chini, kuanzia nambari inayofuata.

"Walibadilisha katikati," papa akasema kabla sijafungua mdomo. Jicho lake liliwaka. "Meno mapya, gia mupya. Ukiweka ya zamani kwa mupya haishike."

"Ndiyo, njo vile. Sasa mota yako ni numero ngapi?"

Hakujua. Akaondoka bila kuaga. Alirudi alasiri na suruali imechafuka magotini, akatoa mfukoni karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amelala chini kando ya pikipiki, ameosha ubavu wa mota kwa petroli mpaka chuma kikaonekana, ameweka karatasi juu ya nambari iliyochongwa, akaisugua na penseli mpaka tarakimu zikatokea nyeupe ndani ya weusi. Hakutaka kuinakili kwa mkono. "Mukono unaweza kukosea," alisema, "chuma hapana." Nikalinganisha. Mota yake ilikuwa ya mstari wa juu, ya zamani. Tukaandika nambari ndefu kwenye bon mpya, tarakimu kwa tarakimu, mimi nasoma, yeye anarudia. Nikaituma Lusaka kwa mtu anayeniagizia.

Sijui kama nimewahi kuwa na siku mbili nzuri na papa kuliko zile. Tangu tufiwe tulikuwa tunaongea habari za dawa na chakula tu. Sasa tulikuwa na kazi.

Ndipo kaka yangu akapiga simu. Ndiye mkubwa wetu, yuko Kolwezi, na ana kawaida ya kutoa amri kutoka mbali. Alikuwa amepita Makomeno wiki ile kwa shughuli zake, akamkuta papa barabarani anasukuma pikipiki. Kwa sababu kiki imekufa, papa alikuwa anaiwasha kwa kusukuma: anaweka gia ya pili, anabana klachi, anakimbia nayo, anarukia, anaachia klachi. Miaka sabini na moja. Anakimbia na koti la misa, na komunyo shingoni. Na akifika kwa mgonjwa haizimi, anaiacha inanguruma mlangoni wakati anasali ndani, ili asirudie kukimbia.

"Mwaka uliopita alianguka mu matope ya Naviundu, mukono ukavimba mwezi muzima," kaka akasema. "Weye njo unauzisha piesi. Umwambie haiko tena. Basi. Pikipiki itakufa yenyewe, hakuna mutu atamukatalia kitu."

Nilimkasirikia. Nikamwambia kama ana la kusema aje amwambie mwenyewe. Lakini moyoni mwangu nilimkubalia, niliseme wazi. Katika mawazo nilimwona papa ameanguka tena kwenye matope yale, amelala chini ya kile chuma, na mimi ndiye niliyemwagizia piesi.

Jibu kutoka Lusaka lilikuja kesho yake. Nambari uliyotuma haitengenezwi tena, nafasi yake imechukuliwa na hii. Na hapo chini nambari mpya, ileile kasoro fungu la mwisho: palipokuwa na sufuri tatu sasa palikuwa sufuri, moja, sufuri. Jambo la kila siku kwenye biashara yangu. Kiwanda kinarekebisha kitu kidogo, kinaacha nambari ya zamani, kinatoa nyingine inayoingia mahali palepale. Piesi ilikuwepo stoo yao, ingefika siku ya Ijumaa.

Papa alipokuja nikamsomea nusu ya kwanza ya jibu lile.

"Haitengenezwe tena, papa. Numero ilikufa."

Sikudanganya hata neno moja. Ndivyo nilivyojiambia. Nilikuwa natazama daftari langu wakati nasema. Papa akavaa kofia, akasema aksanti mama, akaenda. Hakuuliza chochote. Mtu aliyezoea kuuliza nini inaanguka ukitoa hiki, hakuuliza. Nilikaa siku nzima nawafokea wateja wasio na kosa.

Nilidhani ataiacha. Ona akili yangu. Nimekua na mtu huyu, nimekula mkate wake, halafu nadhani ataiacha. Jumapili ile alisukuma. Jumapili iliyofuata alisukuma. Katikati ya wiki alipeleka kile kigurudumu kwa mtu wa kuchomelea, akamjazia meno chuma na kuyapiga tupa. Kikashika asubuhi moja tu, meno yakavunjika, ikabidi fundi afungue tena mota kutoa vipande kwenye mafuta. Yote haya niliyasikia kwa fundi, si kwake. Fundi akaniambia pia kwamba mzee sasa anatafuta kilima kila anapoegesha, ili pikipiki iteremke yenyewe. Mimi nilitaka kumtoa kwenye hatari, na nilikuwa nimemweka anakimbia kando ya chuma chenye kilo mia moja.

Jumatatu ya wiki ya tatu alikuja dukani. Viganja vyake viwili vilikuwa vimechubuka, amevipaka dawa nyekundu ya vidonda. Hakusimama upande wa wateja. Aliingia, akakaa kwenye stuli yangu, akapumua.

"Mama, nilikuwa mu magazeni miaka yote ile. Numero haikufe bure. Ikikufa, inaacha mutu pa nafasi yake. Tulikuwa na kitabu muzima ya ile: ya zamani huku, mupya huku. Ile numero yetu ilikufa. Nani alikamata nafasi yake?"

Mteja alikuwa anaita nje anataka cheni. Nikamwambia duka limefungwa, na ilikuwa saa nne ya asubuhi.

Nikatoa simu, nikamtafutia ule ujumbe wa Lusaka, nikamwekea mkononi. Alisoma polepole, akausogeza mbali na macho, akasoma tena. Akaona tarehe. Nilitaka anifokee. Mimi nikikosewa nafoka, ni dawa nzuri, mambo yanaisha. Yeye alirudisha simu juu ya meza, akaigeuza uso chini.

"Nani aliwaza? Weye ao kaka yako?"

"Kaka alisema. Miye njo nilifanya."

"Mulikuwa mnaogopa."

"Ndiyo, papa. Nilikuwa naogopa. Bado ninaogopa." Na hapo nikalia, pale kati ya matairi ya ndani na visanduku vya plagi, mimi mama mkali.

Aliniacha nilie. Halafu akasema jambo ambalo bado nalisikia. Alisema kule reli, kosa lililomfukuzisha mtu kazi halikuwa kupoteza piesi. Piesi zinapotea, watu ni watu. Kosa lilikuwa kumwambia fundi hakuna, na kitu kiko kwenye droo. Kwa sababu fundi anaamini, anaenda kufunga behewa kwa waya, na behewa linabeba watu.

"Siku utaona siwezi tena," akasema, "uniambie kwa mudomo. Uniangalie mu macho, useme, papa, basi. Nitakasirika. Labda sitakuja hapa mwezi. Lakini usinijibu na katalogi. Ile kitabu haina kosa."

"Sawa, papa."

"Haina sawa. Sema sasa. Leo ninaweza ao siwezi?"

Sikuwa nimejiandaa. Nilidhani tunaongea habari za siku za mbali. Nikamwangalia, kwa kuwa ndivyo alivyotaka, na nikagundua kwamba kwa muda mrefu sikuwa nimemwangalia hivyo. Nilikuwa naangalia miaka yake. Niliangalia mikono: imechubuka, haitetemeki. Macho: alisoma zile tarakimu bila miwani, kwa mbali lakini bila kukosea. Miguu: alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Makomeno na pumzi ilikuwa imesharudi. Nikafikiria matope ya Naviundu. Nikafikiria wale wagonjwa, na ile baridi ya nyumba yake siku za Jumatatu hadi Jumamosi.

"Mvua ikinyesha, huendi na pikipiki," nikasema. "Mvua ikinyesha hauwezi. Leo unaweza."

"Mvua ikinyesha siendi nayo," akarudia, kama anaandika. Kisha akatoa mfukoni kitabu chake cha bon, akaweka karatasi ya kaboni chini, akashika kalamu. "Nisomee ile numero mupya."

Nikamsomea. Alirudia kila tarakimu. Piesi ilifika Ijumaa, fundi akaifunga Jumamosi, na mota iliwaka kwa kiki ya kwanza. Papa alinipigia nisikie kwenye simu, na hakusema neno, aliniachia mlio tu.

Tangu siku ile, kila Jumamosi anapita dukani. Hanunui kitu. Anaingia nyuma ya meza, anasimama mbele yangu na kofia mkononi, ananiuliza: "Leo?" Wateja wanadhani ni salamu yetu. Mimi naacha ninachofanya, hata kama nina picha kumi za kujibu, namwangalia mikono, macho, miguu, bila haraka. Mpaka sasa nimejibu kila mara, unaweza, papa. Jumamosi iliyopita nilimwangalia muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Aliona, na akasubiri nimwambie kwa mdomo.